Gramu 20 Zilizobaki

Baba ana uzito wa kilo 60. Figo zake zimedhoofika, ila bado hajaanza kusafishwa damu. Daktari amemwekea kikomo cha gramu 48 za protini kwa siku, yaani gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake. Tangu asubuhi ameshakula 28, kwa hiyo za jioni ni 20. Jikoni kuna ugali, sato, maharage na mchicha.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba gramu 20 ni uzito wa kitoweo. Sivyo. Nyama ya sato aliyeiva ikiwa na uzito wa gramu 100 ina protini gramu 26 hivi. Sehemu kubwa iliyobaki ni maji. Samaki apimwe akiwa ameiva na miiba imetolewa, la sivyo utahesabu hata usicholiwa.

Kosa la pili ni kuusahau ugali kwa kuwa si kitoweo. Unga wa mahindi gramu 100 una protini kama gramu 8. Maji ya kusongea hayaongezi protini, kwa hiyo pima unga ukiwa mkavu. Tuseme mama amesonga unga gramu 400: sufuria nzima ina protini 32. Ugali ulioiva ukiwa na gramu 1,200, na baba akapakuliwa 300, amepata robo yake, yaani 8.

Sasa tujumlishe sahani aliyoizoea. Ugali huo ni 8. Samaki gramu 90 ni 23. Maharage yaliyoiva gramu 90, ambayo ni kama nusu kikombe, ni 8. Mchicha uliopikwa gramu 100 ni 2. Jumla ni 41, zaidi ya mara mbili ya zilizobaki.

Apunguze nini? Asianze na ugali. Mwili ukikosa nguvu za kutosha huanza kula misuli yake, na taka zinazotokana na hapo huishia kwenye damu ambayo figo zinashindwa kuisafisha. Bora maharage yasubiri siku nyingine na samaki apunguzwe hadi gramu 40, ambazo ni protini 10. Ugali 8, samaki 10, mchicha 2: zimetimia 20. Mchicha ukaangwe kwa mafuta; yanaongeza nguvu bila protini. Akishushia na kikombe cha maziwa, lakini, ameongeza 8 nyingine.

Hesabu hii haipimi kila kitu. Mchicha una potasiamu nyingi, na mgonjwa aliyekatazwa madini hayo atahitaji mboga nyingine. Wala kikomo cha baba asipewe jirani anayesafishwa damu kwa mashine: huyo hupoteza protini wakati wa kusafishwa, na kwa kawaida huambiwa ale zaidi.