Picha Kabla ya Utepe

Chukua kisa cha kijana mwenye duka la simu mjini Kilosa, aliyezoea kuwapelekea wateja wake wa Mikumi mizigo kwa basi, akimkabidhi kondakta boksi lililofungwa kwa utepe. Na kwa kuwa aghalabu walikuwa watu anaowafahamu, hakuandika katika risiti zaidi ya “simu moja” na bei yake. Siku mteja mmoja aliporudisha simu isiyoingiza chaji, akidai ilimfikia hivyo, na kijana akishikilia kuwa ile si yake bali nyingine ya aina na rangi hiyo hiyo, ilidhihirika kuwa hakuna kati yao aliyekuwa na bayana. Kila simu ina namba yake ya utambulisho, tarakimu 15, ionekanayo ukibonyeza `*#06#`. Wakaibonyeza, ikatokea, lakini boksi lilikwisha kutupwa Mikumi, na dukani hapakuwa na kumbukumbu ya kuilinganisha nayo. Wakagawana hasara nusu kwa nusu, suluhu ambayo kwangu haikuwa insafu, maana mmoja wao alilipa kisichokuwa juu yake.

Tangu hapo kijana huiwasha simu, akaipiga picha namba ile ikiwa juu ya kioo, na risiti kando yake. Kisha hupiga picha ya vyote vilivyomo kabla boksi halijafungwa. Na akishalifunga, hutia saini kwa kalamu ya wino usiofutika, ianzie juu ya boksi na kuvuka utepe, kwa kuwa mtu akiubandua na kubandika mwingine, mistari haikutani tena. Saini hiyo nayo huipiga picha, akamtumia mteja ailinganishe kabla ya kukata utepe. Bila saini, picha za awali huthibitisha kilichotoka Kilosa tu, wala hazisemi lolote juu ya yaliyotokea njiani.

Jambo wengi wasilolijua ni la uhifadhi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 hairuhusu picha kukataliwa mahakamani kwa sababu tu ni ya kielektroniki, ila uzito wake hupimwa kwa jinsi ilivyotengenezwa na kutunzwa, na kwa jinsi mwenye kuitoa anavyotambulikana. Picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa, na taarifa za saa na tarehe zilizofichika ndani yake hupotea. Kwa hiyo nakala ya asili haina budi ibaki katika simu iliyoipiga, isikatwe wala kuongezwa mwanga, hadi muda wa dhamana upite.

Na ushahidi huu hauna upendeleo. Mteja mwingine wa Mikumi alipolalamika kuwa hakuikuta chaja, kijana, akiwa na yakini ya kushinda, alifungua picha ya boksi likiwa wazi, akaiona simu, kava na karatasi za dhamana, chaja haikuwamo. Akaipeleka kwa basi la kesho yake, nauli ikiwa juu yake.