Akili Hisia na Ubashiri wa Mafanikio ya Uongozi: Tatizo la Upimaji kwa Mfano wa Wakuu wa Shule za Sekondari Njombe na Makambako

1.0 Utangulizi

Dhana ya akili hisia iliingia katika taaluma ya saikolojia kupitia makala ya Salovey na Mayer (1990), ambao waliieleza kuwa ni uwezo wa mtu kutambua hisia zake na za wengine, kuzitofautisha, na kuzitumia kuongoza fikra na matendo yake. Goleman (1995) aliieneza dhana hiyo nje ya vyuo vikuu, na miaka mitatu baadaye akaihusisha moja kwa moja na uongozi. Kwa mujibu wa Goleman (1998), karibu asilimia 90 ya tofauti baina ya viongozi bora na viongozi wa wastani katika ngazi za juu inatokana na akili hisia. Dai hilo hunukuliwa mara kwa mara katika tafiti za uongozi. Makala haya yanajadili iwapo dai hilo linaweza kuthibitishwa, kwa kutumia mfano wa wakuu wa shule za sekondari katika Halmashauri za Mji wa Njombe na wa Makambako. Hoja ya msingi ni kwamba jibu analolipata mtafiti hutegemea zaidi nani amepewa hojaji kuliko akili hisia yenyewe.

2.0 Vijenzi vya Akili Hisia

Goleman (1998) anabainisha vijenzi vitano: kujitambua, kujidhibiti, ari ya ndani, kuelewa hisia za wengine na stadi za mahusiano. Vijenzi hivi hueleweka vyema vikitazamwa ndani ya tukio moja. Chukuliwe mfano wa mkuu wa shule Makambako ambaye matokeo ya Kidato cha Nne yametangazwa na shule yake imeshuka. Akitambua kwamba hasira aliyonayo dhidi ya walimu imechanganyika na hofu ya kuhojiwa na afisa elimu, huko ni kujitambua. Akiahirisha kikao hadi kesho yake ili asiseme maneno yatakayovunja moyo, huko ni kujidhibiti. Akiendelea kutafuta chanzo cha tatizo bila kusukumwa na barua ya mtu, hiyo ni ari. Akigundua kwamba mwalimu wa hisabati amechoka kwa kubeba vidato vyote vinne peke yake, huko ni kuelewa hisia za mwingine. Na akiweza kugawa upya vipindi bila kuzua mgogoro katika chumba cha walimu, hizo ni stadi za mahusiano.

Hata hivyo, orodha hiyo imechanganya mambo ya aina mbili. Kutambua hisia ni uwezo, na unaweza kupimwa kwa jaribio lenye majibu yanayosahihishwa, kama lile la Mayer, Salovey na Caruso (2002). Ari, kwa upande mwingine, iko karibu zaidi na hulka ya mtu. Anayevipima vyote kwa hojaji moja huenda anapima uchangamfu na uwajibikaji, mambo ambayo saikolojia ya hulka ilikwisha kuyapima zamani kwa majina mengine.

3.0 Nani Anajibu Hojaji?

Utafiti wa kawaida wa shahada ya uzamili hufuata njia fupi. Walimu hupewa hojaji yenye sehemu mbili: ya kwanza inauliza kuhusu akili hisia ya mkuu wao, na ya pili inauliza kuhusu uongozi wake. Kisha mtafiti anakokotoa mgawo wa uhusiano, anaukuta mkubwa, na kuhitimisha kwamba akili hisia inabashiri mafanikio ya uongozi.

Udhaifu wa njia hiyo ulidhihirishwa na Harms na Credé (2010), waliounganisha matokeo ya sampuli 62 zenye viongozi 7,145. Pale ambapo mtu yuleyule alitathmini akili hisia na uongozi wa kimageuzi, kadirio la uhusiano lilikuwa 0.59. Pale ambapo tathmini hizo mbili zilitoka kwa watu tofauti, kadirio lilishuka hadi 0.12. Namba hizo zikipandishwa kipeo cha pili, ya kwanza inaeleza takriban asilimia 35 ya tofauti za uongozi, na ya pili inaeleza asilimia moja na nusu tu. Mwalimu anayempenda mkuu wake humpa alama za juu katika sehemu zote mbili. Anayemchukia humshusha kotekote. Kinachopimwa hapo ni upendeleo wa mjibuji.

Kumpa mkuu mwenyewe hojaji hakuondoi tatizo. Kipimo cha Wong na Law (2002), chenye vipengele 16, humtaka mtu ajieleze. Mkuu wa shule anayeulizwa iwapo anaweza kutuliza hasira yake, huku akiamini kwamba karatasi itapita mezani kwa afisa elimu, ni vigumu kujibu kwamba hawezi. Majibu yote hukusanyika juu ya mizani, na tofauti baina ya wakuu hupotea. Dalili ya hali hiyo ni wastani wa juu sana wenye mkengeuko mdogo.

4.0 Usanifu Unaofaa na Mipaka Yake

Kwa Njombe na Makambako, njia inayofaa ni kuwagawa walimu wa kila shule kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi la kwanza litathmini akili hisia ya mkuu, na la pili litathmini uongozi wake. Hulka na uwezo wa jumla wa kiakili vipimwe pia, ili ionekane iwapo akili hisia inaongeza chochote juu yake. Aidha, neno ubashiri linadai mpangilio wa wakati: akili hisia ipimwe kwanza, na mafanikio yapimwe baadaye, kwa mfano kwa maombi ya uhamisho ya walimu na kwa mabadiliko ya matokeo ya shule ileile, badala ya kulinganisha shule zinazopokea wanafunzi wa viwango tofauti.

Usanifu huo una gharama. Kwa kiwango cha maana cha 0.05 na nguvu ya kitakwimu ya asilimia 80, uhusiano wa 0.59 unahitaji wakuu takriban 20 tu ili ugunduliwe, lakini uhusiano wa 0.12 unahitaji takriban 540. Shule za sekondari za halmashauri hizo mbili kwa pamoja hazikaribii idadi hiyo. Kwa hiyo, utafiti wa wakuu wachache unaoonesha uhusiano mkubwa unapaswa kutiliwa shaka, na ule usioonesha uhusiano hauthibitishi kwamba haupo.

5.0 Hitimisho

Ushahidi uliopo hauungi mkono asilimia 90 ya Goleman. Dai hilo lilitokana na uchambuzi wa orodha za sifa ambazo kampuni 188 zilizitumia kuwaeleza viongozi wao bora, na si jaribio lililopimwa kabla ya mafanikio. Ushahidi huohuo hauifuti dhana nzima. Joseph na Newman (2010) walionesha kwamba akili hisia ilibashiri utendaji pale kazi ilipodai udhibiti mkubwa wa hisia, na haikufanya hivyo katika kazi nyingine. Ukuu wa shule ni kazi ya kundi la kwanza, kwa kuwa mkuu hukutana kila siku na wazazi, walimu na wanafunzi. Basi akili hisia inaweza kutumika kupanga mafunzo ya wakuu wa shule. Kuitumia kuchagua nani apewe ukuu, kwa alama za hojaji aliyojijazia mwenyewe, ni uamuzi usio na msingi wa kitafiti, na mwenye kuumia ni mwombaji aliyejibu kwa ukweli.