Sufuria Inayokula Faida

Ukitafuta sufuria kwenye Google, juu ya majibu hutokea safu ya picha, kila moja ikiwa na bei na jina la duka. Hayo ni matangazo, na mwenye duka hulipa kila mtu anapobofya, anunue asinunue. Hachagui maneno ya kuyaonyeshea. Hupeleka tu orodha ya bidhaa zake kwenye Merchant Center, yaani jina, picha, bei na maelezo ya kila kitu anachouza, na Google ndiyo inayolinganisha majina hayo na maneno ya anayetafuta. Kwa hiyo duka lenye bidhaa 4,000 lina matangazo 4,000, na mengi kati yake mwenye duka hajawahi kuyatazama moja moja.

Tuchukue duka la mfano la vyombo vya jikoni. Katika siku 90 limelipa Sh 600,000 kwa mibofyo 60,000, yaani Sh 10 kwa mbofyo, na limeuza bidhaa za Sh 2,400,000. Kila shilingi ya tangazo imeleta mauzo ya shilingi 4. Faida yake kabla ya matangazo ni asilimia 40 ya bei, kwa hiyo likipata 2.5 kwa kila shilingi halipati wala halipotezi. Kwa 4 linabaki na Sh 360,000. Mwenye duka anaridhika na kufunga kompyuta.

Hesabu hiyo ni sahihi, lakini ni wastani, na wastani huficha mengi. Akifungua ripoti ya bidhaa moja moja, ambamo kila mstari una namba ya bidhaa, mibofyo, gharama na mauzo, atakuta mambo mengine kabisa. Bidhaa 60 zimetumia Sh 240,000 na kuleta mauzo ya Sh 1,800,000. Bidhaa 100 nyingine zimetumia Sh 180,000 na kuleta Sh 120,000 tu. Ukiondoa gharama ya mali yenyewe, hizo 100 zimekula Sh 132,000 za faida iliyoletwa na wenzao. Nyingine 1,140 zimetumia Sh 180,000 na kuleta Sh 480,000, yaani zimejilipia kwa shida.

Ukijumlisha hizo zote unapata bidhaa 1,300. Zilizobaki 2,700 ziko wapi? Ripoti huorodhesha bidhaa zilizoonyeshwa, basi ambayo haikuonyeshwa hata mara moja haina mstari. Ili kuzipata ni lazima uchukue orodha kamili ya duka, uiweke kando ya ripoti, kisha utafute namba zilizokosekana. Watu wengi hawafanyi hivyo, na ndiyo maana theluthi mbili za duka zinaweza kukaa gizani miezi mitatu bila mtu kustuka.

Sasa hukumu. Hapa ndipo ninapoona makosa mengi kuliko popote, kwa sababu ni rahisi sana kukata bidhaa isiyo na hatia. Duka letu huuza mara 2 kwa kila mibofyo 100. Bidhaa iliyobofywa mara 50 bila kuuza inaonekana mzigo. Lakini hata bidhaa nzuri, yenye uwezo uleule wa mauzo 2 kwa 100, itapitisha mibofyo 50 bila mauzo karibu mara 36 katika 100, kwa bahati mbaya tu. Ukingoja ifike mibofyo 150 bila mauzo, uwezekano huo unashuka chini ya mara 5 katika 100, na hapo unaweza kuinyooshea kidole. Zile 1,140 za katikati zilipata wastani wa mibofyo 16 tu kila moja. Kuzipanga moja moja kuwa nzuri au mbaya ni kubahatisha. Afadhali uzikusanye kwa aina, chapa au kiwango cha bei, kwa mfano vikaango vyote vya chini ya Sh 1,500, ili kundi zima lipate mibofyo ya kutosha kuhukumiwa. Tena uache wiki ya mwisho nje ya hesabu, kwa kuwa wapo wanaobofya leo wakanunua baada ya siku kadhaa.

Kati ya zile 100, nitazame moja kwa karibu. Ni sufuria ya presha ya lita 6, namba SP-06, bei Sh 6,500. Imebofywa mara 420, ikala Sh 4,200, ikauzwa mara moja. Kitu cha bei hiyo huuzwa kwa mibofyo mingi kuliko mwiko, lakini mara moja kwa 420 si kawaida. Mtu mwenye haraka angeiondoa. Mwenye subira anafungua ripoti ya maneno yaliyotafutwa na kukuta "mpira wa sufuria ya presha", "raba ya mfuniko lita 6", "spea za presha". Wengi wa waliobofya wanayo sufuria tayari. Wanatafuta mpira uliochakaa. Sufuria haina kosa, ila inaonyeshwa kwa watu wasioihitaji. Dawa yake ni kuweka "mpira", "raba" na "spea" kwenye maneno ya kuzuia ya tangazo la sufuria, kisha kuipa muda mpya wa kupimwa.

Na mpira wenyewe duka linao. Umo katika zile 2,700 zisizoonekana, na jina lake kwenye orodha ni "SL-24 nyeusi". Hakuna mtu anayetafuta hivyo.

Kuna mtego mwingine. Google huandika mauzo kwenye bidhaa iliyobofywa, si lazima iliyonunuliwa. Mwiko wa mbao wa Sh 250 unaweza kuonekana bingwa wa mauzo, kumbe watu waliuingilia mwiko wakatoka na seti nzima ya sufuria. Ukiagiza maboksi kumi ya miiko kwa sababu ya ripoti hiyo, yatakaa stoo. Lakini ukiuondoa mwiko kwenye matangazo kwa kuwa hauuziki, utakuwa umefunga mlango ambao wateja wanapitia. Kinachotenganisha mambo haya mawili ni kitabu cha oda: kilichobofywa upande mmoja, kilichofungwa na kutumwa upande wa pili.

Baada ya hapo kila bidhaa hupewa lebo. Merchant Center ina nafasi tano za lebo za mwenye duka, kuanzia `custom_label_0` hadi `custom_label_4`, ambazo mteja hazioni. Faili fupi la nyongeza linatosha:

```
id,custom_label_0
SP-06,inapimwa
SL-24,haijaonekana
```

Kwa lebo hizo matangazo hugawanywa katika kampeni tofauti. Zinazolipa hupewa bajeti isiyokatika, zinazokula hupunguziwa au kusimamishwa, na zisizoonekana hutengewa fungu dogo lao wenyewe, kwa sababu zikiachwa pamoja na mabingwa zitaendelea kukosa nafasi. Lebo nazihakiki kwa mwezi, si kila asubuhi. Baadhi ya zile 60 zilifika juu kwa bahati ya robo hiyo na zitashuka zenyewe, na ukizihamisha kila zinapoyumba hakuna itakayokusanya mibofyo ya kutosha.

Fungu la zisizoonekana halitafaa kitu majina yakibaki yalivyo. Basi kabla ya kuongeza hata senti, "SL-24 nyeusi" inaandikwa upya: "Mpira wa mfuniko wa sufuria ya presha lita 6, sentimita 24". Kisha unangoja uone kama wale 420 walikuwa wakiutafuta huo.