Mfupa Unaogeuka Ndani ya Kwato

Mei 20, 2006, farasi Barbaro, aliyeshinda mbio za Kentucky Derby wiki mbili kabla, alivunjika mguu wa nyuma wa kulia katika mbio za Preakness, Baltimore. Madaktari wa hospitali ya New Bolton, Pennsylvania, waliuunga kwa bamba la chuma na skrubu 27. Julai balaa likazuka mguu wa kushoto, ule mzima.

Ulikuwa laminitisi. Ndani ya kwato mna mfupa wenye umbo la kabari, ulioshikiliwa kwenye ukuta wa kwato na mamia ya vikunjo laini vilivyofumana kama vidole vya mikono miwili. Farasi akiegemea mguu mmoja siku nyingi, damu haivifikii vizuri, navyo huachia. Wengine huugua kwa kula nafaka nyingi mno, au kwa majani yenye sukari wakiwa wamenenepa. Vikunjo vikishaachia, kano ya nyuma ya mguu huendelea kuuvuta mfupa, na ncha yake huinama kuelekea wayo.

Kwa nje hayo hayaonekani. Daktari humsimamisha farasi juu ya vibao, hubandika waya mbele ya kwato kuanzia nywele zinapokoma, kisha hupiga eksirei kutoka ubavuni. Katika kwato nzima, uso wa mbele wa mfupa huenda sambamba na waya. Kwa mgonjwa, mistari hiyo miwili huachana kadiri inavyoshuka. Tuseme ukuta umesimama kwa nyuzi 50 kutoka ardhini na mfupa kwa nyuzi 62: mfupa umegeuka nyuzi 12. Daktari hupima pia unene wa wayo chini ya ncha, kwani wakati mwingine mfupa mzima huzama bila kugeuka, na mistari ikabaki sambamba.

Picha hiyo ndiyo ramani ya fundi wa kwato. Hurudisha nyuma ncha iliyorefuka, maana kila hatua huivuta na kupanua pengo. Kisigino hukipunguza kidogo kidogo, ili mfupa urudi kulala vizuri. Akikishusha ghafla, kano hukazwa na maumivu huongezeka. Wayo mwembamba hauguswi. Kwato hukua kama sentimita 1 kwa mwezi, hivyo ukuta mpya ulioshikamana na mfupa huchukua karibu mwaka kufika chini.

Mwaka mzima huo maumivu lazima yadhibitiwe. Fenilbutazoni husaidia, ingawa ikizidi huumiza tumbo na figo, na farasi aliyepata nafuu ya dawa asiachwe atembee ovyo. Lakini asipotulizwa, humwaga uzito kwenye miguu iliyobaki. Barbaro aliondolewa karibu asilimia 80 ya ukuta wa kwato ya kushoto, akapiganiwa kwa miezi. Januari 2007 laminitisi ikaingia miguu yote miwili ya mbele. Hakubaki na mguu wa kuegemea, na Januari 29 akalazwa kwa sindano ya mwisho.