Siku ya Mwisho ya Mwanafunzi wa Fildi (Sehemu ya Tatu)

Wiki iliyopita tulimwacha mwanafunzi akiwa amezoea kazi. Leo anaaga. Tuseme ni ofisi ya kata hapa Makurunge, na kwa wiki nane amekuwa akipokea malalamiko ya mipaka ya mashamba. Yeye anaondoka Ijumaa, mwenzake anaingia Jumatatu, na hawataonana.

Katika daftari la makabidhiano ameandika: “Jalada la mpaka, fuatilia Bagamoyo.” Kwake maneno hayo yanatosha, maana mengine yako kichwani. Mgeni hayamfikishi popote. Angeandika kwamba malalamiko ni folio ya 7; barua ya kwenda ofisi ya ardhi ya wilaya ni folio ya 8, ilipelekwa kwa mkono tarehe 3 na aliyeipokea amesaini kwenye kitabu cha dispachi; jibu halijaja; mlalamikaji ameambiwa arudi tarehe 20. Hapo mgeni akifungua jalada akakuta folio ya 7 inafuatwa na ya 9, atajua kuna karatasi iliyochomolewa, na atamuuliza msimamizi kabla ya tarehe 20.

Kwa watu wa kuwasiliana nao, aanze na cheo na ofisi, kisha jambo ambalo mtu huyo hulishughulikia, kwa sababu maofisa huhamishwa. Namba za walalamikaji zibaki jaladani. Akiondoka nazo kwenye simu yake, amebeba taarifa za watu ambazo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka zitumike kwa kazi zilizokusanyiwa tu.

Sasa nywila, na hapa naomba tutulie. Haiandikwi daftarini wala haitumwi kwa WhatsApp. Daftari litaje akaunti ipo, ni ya kazi gani na nani anaisimamia, basi. Akaunti iliyofunguliwa kwa jina la mwanafunzi hairithiwi: msimamizi huifunga na kumfungulia mgeni yake, la sivyo makosa ya mgeni yatasomeka kwa jina la aliyekwishaondoka.

Lakini kinachowakwamisha wengi ni namba ya simu. Katika ofisi moja niliyofanyia kazi, barua pepe ya ofisi ilifunguliwa kwa laini ya kijana wa fildi. Alipoondoka alituachia nywila sahihi kabisa. Tulipoingia kwa kompyuta nyingine, mfumo ukadai tarakimu zilizotumwa kwa ujumbe, na ujumbe ukaenda kwenye laini ambayo alikuwa ameshaiacha. Barua za miezi mingi tukazipoteza.

Kwa hiyo Ijumaa, mwanafunzi akiwa bado amekaa hapo, msimamizi afungue mipangilio ya usalama ya akaunti na kuweka laini ya ofisi mahali pa namba ya mwanafunzi. Abadili nywila mwenyewe, kisha aziondoe simu na kompyuta zote zilizobaki ndani. Halafu atoke, aingie upya kwa kompyuta nyingine, na aangalie tarakimu zinafika kwenye simu ipi.