Mac Ikikwama Baada ya Sasisho, Usikubali Diski Ifutwe

Sasisho limekwisha, Mac imejiwasha upya, umeandika nywila, na tangu hapo unatazama kiduara kinachozunguka tu. Kabla hujakubali fundi afute diski, fahamu kwamba mara nyingi mafaili yako yangali mazima humo ndani.

Anza kwa kusubiri. Sasisho kubwa huweza kuiwasha kompyuta upya mara kadhaa, basi iache kwenye chaja kwa saa chache, ukiwa umechomoa diski za nje na vifaa vingine.

Tuchukue mfano wa MacBook Air ya M1 ya mpiga picha za harusi. Kiduara kinamtokea baada ya nywila, dalili kwamba mfumo wenyewe umeshawaka. Wa kushukiwa ni programu zinazojifungua zenyewe, au diski iliyojaa picha. Anaizima, kisha anabonyeza kitufe cha kuwashia bila kukiachia mpaka aone "Loading startup options". Anachagua diski yake, anashikilia Shift, halafu anabofya "Continue in Safe Mode". Kwa Mac za Intel, hushikiliwa Shift tu wakati wa kuwasha.

Katika hali hii salama, Mac huikagua diski na huacha kando programu zinazojifungua zenyewe. Ikiwaka vizuri, anahamishia picha kwenye diski ya nje, anafuta zile alizokwisha kuhamisha, anaondoa programu anazozishuku kwenye "Login Items", kisha anaiwasha kama kawaida.

Ikigoma hata hapo, anarudi kwenye ukurasa ule wa kuwashia na kuchagua "Options". Wa Intel hushikilia Command na R. Humo anafungua "Disk Utility" na kuendesha "First Aid". Ikiripoti hitilafu isiyorekebishika, huenda diski inakufa, na kazi ya kwanza ni kunakili mafaili. Kwenye M1, menyu ya "Utilities" ina "Share Disk", ambayo humwezesha kuyavuta kwa kebo hadi Mac nyingine.

Diski ikiwa nzima, anachagua "Reinstall macOS", anaunganisha intaneti, na kuelekeza usakinishaji kwenye "Macintosh HD". Tangu toleo la Catalina la mwaka 2019, mfumo na mafaili ya mtumiaji hukaa katika sehemu mbili tofauti za diski, na usakinishaji huu huandika upya ile ya mfumo tu. Ndiyo maana picha hubaki. Na kwa sababu hiyohiyo, programu mbovu na diski iliyojaa navyo hubaki vilevile. Kwa hiyo usiruke hatua ya hali salama.

Kitu cha kuogopwa ni "Erase". Usikibofye, wala usimruhusu mtu akibofye, mpaka umeifungua nakala ya mafaili yako kwenye kompyuta nyingine na kuhakikisha yanafunguka.