Kidoko ndani ya "samaki", kikohozi juu ya "nazi"

Sentensi yenyewe ina maneno tisa tu: "Samaki wa kupaka bila nazi si samaki wa kupaka." Bibi aliyeitamka alikuwa barazani kwake, Pangani, na kinasa sauti kilikuwa juu ya kigoda kati yetu. Niliporudi nyumbani nikavaa hedifoni, nikasikia dosari mbili. Katika irabu ya kwanza ya "samaki" palikuwa na kidoko cha mate, "tak", kama njiti kavu inayovunjika. Na juu ya silabi ya kwanza ya "nazi" palikuwa na kikohozi, nacho kilikuwa changu mimi.

Kidoko nilikiondoa kwa dakika mbili. Kikohozi kipo hadi leo. Kwa macho ya programu ya kuhariri sauti, vyote viwili ni kelele iliyoingia mahali pasipo pake. Kilichovitofautisha ni urefu wake tu.

Wengi wetu tukifungua rekodi kwenye kompyuta tunaona wimbi: mstari mnene unaopanda pale sauti inapokuwa kubwa na kusinyaa inapofifia. Kwenye wimbi kidoko hakionekani kirahisi, maana nguvu yake ni ndogo kuliko ya irabu iliyokibeba. Ndiyo maana wahariri hutumia picha nyingine, spektrogramu. Hapo wakati unasoma kutoka kushoto kwenda kulia, masafa kutoka chini kwenda juu, na mwangaza unaonyesha nguvu. Picha ya namna hii ilianza kutengenezwa na watafiti wa maabara za Bell, Marekani, miaka ya 1940. Mwaka 1947 Ralph Potter, George Kopp na Harriet Green walichapisha kitabu kizima cha picha za usemi, wakitarajia kuwa viziwi wangeweza kujifunza kusoma maneno kwa macho.

Na kweli usemi unasomeka. Irabu inaonekana kama mkeka: mistari ya mlalo iliyopangana, mmoja juu ya mwingine. Sauti ya bibi yule ilikuwa karibu na hezi 200, kwa hiyo mistari yake ilikuwa kwenye 200, 400, 600 na kuendelea, ikififia kadiri inavyopanda. Herufi "s" haina mistari, ni wingu lililokaa juu, zaidi ya hezi 4,000. Kidoko cha mate ni uzi mwembamba uliosimama wima, unaokata mkeka kutoka juu kwenda chini. Hutokea pale utando wa mate kati ya ulimi na kaakaa, au kati ya midomo, unapopasuka. Mdomo ukikauka mate huwa mazito na vidoko huongezeka, na ndiyo sababu ya watu wa redio kuweka glasi ya maji karibu na maiki.

Lakini picha hii ina mtego, na anayeanza hunasa hapo kabla hajafuta chochote. Kompyuta haiwezi kupima masafa ya nukta moja ya wakati; inahitaji kipande cha sauti cha kupimia. Kipande kikiwa kirefu, masafa yanaonekana safi lakini wakati unatawanyika. Kikiwa kifupi, wakati unakuwa mkali lakini mistari ya irabu inayeyuka na kushikana. Huwezi kupata vyote kwa pamoja, hata ukinunua kompyuta ya bei gani. Katika programu ya bure ya Audacity, urefu wa kipande hicho unaitwa "Window size". Rekodi yangu ilikuwa na sampuli 48,000 kwa sekunde. Nilipoweka 2048, kila kipande kilikuwa na karibu milisekunde 43, na kidoko kikaonekana kama nguzo pana yenye ukungu. Nilipoweka 256, kipande kikawa milisekunde 5 na kidogo, na nguzo ikasinyaa ikawa uzi. Kidoko ni kilekile, kilichobadilika ni jicho. Mtu akikata kwa kufuata nguzo ya kwanza anaondoa kipande cha irabu chenye upana mara kumi ya dosari, kisha anashangaa kwa nini neno limekwaruzika.

Kwa hiyo utaratibu wangu ni huu. Kwanza natengeneza nakala, na faili ghafi siigusi. Kwenye menyu ya sauti husika nachagua "Spectrogram", naweka 2048 ili nisome maneno na kujua nilipo, kisha nashuka hadi 256 ninapofika kwenye dosari. Nakuza picha mpaka nusu sekunde ijae kioo. Kwenye "samaki" ya bibi nilichora kisanduku chenye upana wa milisekunde 6, kutoka hezi 1,800 hadi 9,000. Chini ya hapo sikugusa, kwa sababu mistari ya chini ya irabu ina nguvu nyingi na inakifunika kidoko chenyewe bila msaada wangu. Kisha nikatumia "Spectral edit parametric EQ" na kupunguza kwa desibeli 18. Sikufuta kabisa. Ukifuta kabisa unaacha shimo jeusi lenye kingo zilizonyooka, na sikio linaposikia shimo linajua kwamba kuna kitu kimeng'olewa.

Baada ya hapo ilibaki ncha ndogo ya kidoko, mfano wa chembe ya mchanga kwenye ubwabwa. Kwa hiyo nilirudi kwenye wimbi na kutumia "Repair", ambayo inakubali sampuli 128 tu kwa mara moja, yaani chini kidogo ya milisekunde 3 katika rekodi yangu. Chombo hiki kinatupa kile kilichochaguliwa, kinaangalia wimbi la kushoto na la kulia, kisha kinakisia wimbi la kati lilivyopaswa kuwa. Programu za kulipia kama iZotope RX na Adobe Audition hufanya kazi ya namna hiyo ndani ya spektrogramu yenyewe: unazungushia doa, nazo zinaliziba kwa kuazima rangi kutoka pande zake.

Kukisia huko kunafaulu kwa sababu ya hesabu moja ndogo. Sauti ya hezi 200 inajirudia kila milisekunde 5. Kidoko cha milisekunde 3 hakifiki hata mzunguko mmoja wa koo. Mzunguko uliotangulia na unaofuata unakaribia kufanana kabisa na ule ulioharibika, hivyo kilichopotea kimeshaandikwa mara mbili, kushoto na kulia kwake. Ni kama herufi moja iliyofutika katika neno unalolijua: huhitaji kumwuliza mwandishi.

Kuna kosa moja ambalo nimelifanya na linafaa kuonyeshwa kwa karibu. Mara ya kwanza kusafisha rekodi ile niliona nyuzi mbili za wima ndani ya "samaki", nikazishusha zote. Niliposikiliza, bibi alikuwa anasema "samai". Uzi wa pili haukuwa dosari, ulikuwa ni "k". Vipasuo vyetu, p, t na k, vinatengenezwa kwa kuziba hewa na kuiachia ghafla, na mwachio huo kwenye picha unafanana sana na kidoko. Namna ya kuvitambua ni kutazama mkono wa kushoto. Kabla ya kipasuo kuna kimya kifupi, mara nyingi milisekunde 50 hadi 100, ambapo mkeka wa irabu umekatika kwa sababu mdomo umefungwa; na baada yake irabu mpya inaanza. Kidoko hakina kimya chake. Kinatua juu ya mkeka unaoendelea, au kiko peke yake katikati ya pumziko. Ndiyo maana siamini vifaa vinavyosaka vidoko vyote vya faili kwa mkupuo bila mtu kusikiliza matokeo: kwa lugha yenye p, t na k nyingi kama yetu, kosa moja katika mia linatosha kuharibu ushahidi wa msemaji.

Sasa kikohozi. Kikohozi kikiwa peke yake kwenye pumziko, hakina shida. Unakikata, na mahali pake unaweka kipande cha sauti ya mahali penyewe, ile inayosikika watu wakinyamaza: upepo, kuku wa jirani, mvumo wa bahari kwa mbali. Ukiacha kimya kitupu msikilizaji atadhani kifaa kimezimika. Kwa hiyo kila ninapokwenda kurekodi naomba kwanza nusu dakika ya watu kukaa kimya.

Kikohozi changu hakikuwa kwenye pumziko. Kilidumu karibu milisekunde 340, kikafunika "na" yote ya "nazi" na kugusa mwanzo wa "z". Katika muda huo koo la bibi lilizunguka zaidi ya mara sitini, likitoka kwenye "n" kwenda kwenye "a" na kuelekea "z". Mzunguko wa kushoto haujui lolote kuhusu njia hiyo, kwa kuwa kushoto ni mwisho wa "bila". Wa kulia nao haujui. Programu ikikisia hapo, inabuni. Na ukijaribu kufuta tu, sauti inakuwa ya majimaji, kama mtu anayeongea kutoka ndani ya mtungi.

Hata hivyo, picha ilinipa nafasi ndogo. "N" na "a" hazina nguvu ya maana juu ya hezi 5,000, kwa hiyo chochote kilichong'aa kule juu wakati wa silabi ile kilikuwa kikohozi na si bibi. Nilikishusha kwa desibeli 15 kuanzia 5,000 kwenda juu, nikasimama mara tu wingu la "z" lilipoanza, kwa sababu "z" inaishi hukohuko juu. Kati ya 1,000 na 5,000, ambako sauti zetu mbili zilikuwa zimechanganyika, nilipunguza desibeli 4 tu. Matokeo yake ni kikohozi kinachosikika kana kwamba aliyekohoa yuko chumba cha pili. Neno "nazi" linasikika, na ni lake.

Ningeweza kuazima "nazi" nyingine. Bibi alilitaja neno hilo mara nyingi asubuhi ile. Katika tangazo la redio ningefanya hivyo bila kusita. Katika masimulizi ya mzee yanayohifadhiwa ili wengine wayachunguze kesho, naona si halali kuweka mdomoni mwake neno alilolisema wakati mwingine, kwa sauti nyingine.

Tena kuna jambo ambalo nililigundua baada ya saa nzima ya kuhangaika na visanduku. Bibi alipomaliza sentensi yake, alinigeukia akasema, "Pole, mwanangu." Kama ningefaulu kukiondoa kikohozi, pole ile ingebaki hewani bila sababu, na msikilizaji angejiuliza bibi anampa nani pole.

Ukitaka kujaribu kazi hii, anza na kidoko kilichotua katikati ya irabu ndefu, mbali na p, t na k. Sikiliza kila badiliko kwa hedifoni, ukibadilishana kati ya kabla na baada, na sikiliza sentensi nzima badala ya doa pekee. Faili ghafi ihifadhi mahali pengine, na kwenye maelezo yake andika ni sekunde ipi uliigusa na uliifanya nini.